Pampu ya kisima inawaka kidogo kisha inajizima: soma ampea kabla ya kuivuta juu

Pampu ya kisima kirefu ikianza kujizima, neno la kwanza utakalolisikia ni "tuivute juu". Kuvuta pampu iliyoning'inia mita themanini chini ni kazi ya siku nzima, inataka watu wenye nguvu na mabomba yanayokubali kufunguka, na si ajabu ikafika juu ikiwa nzima kabisa. Habari nyingi za kule chini unaweza kuzipata ukiwa umesimama mbele ya kontrol boksi. Kinachotakiwa ni kujua mambo mawili: pampu ilifanya kazi kwa muda gani kabla ya kukata, na ilikuwa inavuta ampea ngapi wakati huo.

Nazungumzia aina iliyoenea majumbani: pampu ya kuzama yenye mota ya inchi nne ya fezi moja, nyaya tatu zinazoshuka kisimani (ukiacha ule wa ethi), na boksi dogo juu lenye kapasita moja na kitufe chekundu cha ovalodi. Kwa mifano yote nitatumia mota ya 1.1 kW, yaani hospawa moja na nusu, ya 230 V, ambayo kibao chake kinasema 8.6 A na kapasita 40 µF. Yako itakuwa na namba zake. Kibao chenyewe kiko majini, lakini kwa kawaida namba hizo zimeandikwa pia kwenye stika ya boksi au kwenye karatasi iliyokuja na pampu. Usizikisie, kwa sababu vipimo vyote vinalinganishwa nazo.

## Kitufe kinasikia joto

Ndani ya kitufe kile kuna kipande cha metali mbili zilizogandishwa pamoja. Umeme wa mota unapita humo, kipande kinapata joto, kinajipinda, na kikifika kiwango fulani kinaachia. Maana yake ni kwamba ampea zikizidi kidogo tu, kitufe kitavumilia kwa dakika nyingi kabla ya kukata. Zikizidi mara nne au tano, kitakata ndani ya sekunde chache. Ndiyo maana saa ya mkononi ni kipimo cha kwanza, kabla hata hujashika mita.

Anza kuhesabu kitufe kikiwa kimepoa. Ukikibonyeza mara tu baada ya kukata, kitakata tena mapema kwa sababu bado kina joto la mwanzo, na utadhani tatizo limezidi. Kiache robo saa. Na usikiruke kwa kipande cha waya wala kuweka kikubwa zaidi "ili kistahimili". Mota ya inchi nne ni nyembamba, koili zake zimebanana, na inapozwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Ikikwama huku umeme unaingia, koili zinaweza kuungua haraka mno.

Kuhusu klampu mita: taya zake zizunguke waya mmoja tu. Ukikamata kebo nzima, umeme wa kwenda na wa kurudi unafutana na mita inasoma karibu sifuri. Kwa hiyo zima umeme kwenye meni swichi, fungua boksi, tenganisha nyaya tatu zinazokwenda kisimani ili kila mmoja uweze kukamatwa peke yake, ndipo uwashe. Volti nazo zipimwe pampu ikiwa inazunguka, si ikiwa imelala, maana volti za mota iliyozimwa hazikuambii chochote kuhusu laini yako. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuzima, kwa hiyo imalize kwa rezista kabla ya kuigusa. Kama hujazoea kazi ya umeme ulio hai, mwite anayeijua. Wewe mpe maelezo haya na umsomee saa.

## Ikikata ndani ya sekunde kumi

Unawasha, unasikia mvumo kwenye bomba, taa za nyumbani zinafifia, kisha kitufe kinaruka kabla hujahesabu kumi. Mita inaonyesha ampea 30 na zaidi kwa mota yetu ya 8.6. Hapo hakuna mjadala: rota haizunguki. Swali ni kwa nini, na jibu linatokana na kukamata waya mmoja baada ya mwingine.

Nyaya tatu zina kazi tatu. Mmoja unalisha koili kuu, mwingine unalisha koili ya kuanzia kupitia kapasita, na wa tatu ni wa pamoja, unaobeba umeme wa koili zote mbili. Kamata ule wa kuanzia. Ukisoma sifuri, koili hiyo haipati umeme, na bila hiyo mota ya fezi moja inavuma tu pale ilipo. Mshukiwa wa kwanza ni kapasita, ambayo ndiyo rahisi kuliko vyote: weka nyingine yenye µF zilezile na ya 450 V. Mota ikiondoka, kazi imekwisha. Ikibaki sifuri, zima, chomoa nyaya zote tatu kwenye boksi na upime ukinzani kati ya kila jozi. Kwa mota nzima utapata namba tatu ambapo kubwa ni jumla ya mbili ndogo. Kwa mfano omu 3.1, 5.4 na 8.5. Jozi mbili zikisoma kama waya umekatika, basi waya uliomo katika jozi zote mbili umeachia mahali fulani, na mara nyingi ni kwenye kiungio cha kebo kilichomo majini juu kidogo ya pampu.

Kipimo hichohicho kinafichua kosa la baada ya matengenezo, pale mtu alipounganisha kebo bila kufuata rangi. Jozi yenye ukinzani mkubwa kabisa ni koili kuu pamoja na ya kuanzia, kwa hiyo waya uliobaki nje ya jozi hiyo ndio wa pamoja. Kutoka kwenye wa pamoja, kwa mota nyingi za aina hii, upande wenye ukinzani mdogo ni koili kuu na mkubwa ni ya kuanzia. Rangi zinatofautiana kati ya watengenezaji, omu hazidanganyi.

Kama waya wa kuanzia una umeme wa kutosha na bado rota imegoma, tazama volti kwenye boksi wakati ule wa mvumo. Zikibaki juu ya 200 au hapo, umeme unafika boksini vizuri na kilichobaki ni kebo ya kisimani au pampu yenyewe imekwama, na mkwamishaji mkuu ni mchanga kati ya impela na vikombe vyake. Kwa kisima kilichokuwa kikitoa maji yenye vumbi siku za nyuma, hilo ndilo la kutegemea. Kwa pampu mpya ambayo haijawahi kuondoka vizuri tangu siku ya kwanza, fikiria kebo kwanza. Kebo ya shaba ya 1.5 mm² ina ukinzani wa karibu omu 12 kwa kilomita. Ikishuka mita 100, umeme unakwenda na kurudi mita 200, yaani omu 2.4. Mota inapotaka ampea 35 ili iondoke, volti zaidi ya 80 zinapotelea kwenye kebo, na zinazofika chini haziwezi kuigeuza rota. Mafundi wengine huona pampu ya namna hii ikiwaka vizuri ndani ya pipa kule juu na kushangaa inagoma kisimani; juu iliwashwa kwa kebo fupi.

## Ikifanya kazi dakika kadhaa, maji yanatoka, kisha inakata

Huku ndiko kwenye kazi ya kufikiri, kwa sababu pampu inazunguka, maji yapo, na kila mtu ana maoni yake. Ampea zimezidi za kibao kwa sehemu ya kumi, ya tano, pengine nusu. Chukua nyumba moja ya Kibaha yenye mota ileile ya mfano wetu, inayolishwa umeme kisimani kwa kebo ya 4 mm² yenye urefu wa mita 85. Maelezo ya mwenye nyumba yalikuwa mafupi: "Fundi, asubuhi inajaza tangi vizuri tu. Jioni ndiyo inagoma, dakika nne tano imekata." Mtu alikuwa ameshamwambia pampu imechoka na amepewa bei ya mpya.

Sentensi hiyo ina thamani. Pampu yenye mchanga au impela zilizolika haijui asubuhi wala jioni. Kinachobadilika kati ya saa hizo mbili ni umeme wa mtaa, watu wanaporudi na kuwasha pasi na majiko. Kwa hiyo vipimo vilichukuliwa jioni, pampu ikizunguka. Klampu ilisoma 10.1 A kwenye waya wa pamoja. Volti kwenye boksi zilikuwa 203.

Hapa wengi wangesema umeme wa mtaa ni mdogo, wakanunua stabilaiza na kuondoka. Lakini kipimo kimoja zaidi kilikuwa hakijachukuliwa: volti kwenye mita ya LUKU wakati uleule. Zilikuwa 221. Ni pungufu ya 230, ndiyo, lakini mota hizi hukubali kushuka hadi asilimia kumi, yaani 207. Volti 18 zilikuwa zinapotea kati ya mita na boksi, ndani ya uwanja wa mwenye nyumba mwenyewe.

Kutoka nyumbani hadi kisimani kulikuwa na mita 40 za waya wa 1.5 mm², ule wa kufungia taa. Kwenda na kurudi mita 80, karibu omu moja, na kwa ampea kumi hiyo ni karibu volti kumi zimekwisha. Nane nyingine zilipatikana kwa kugusa mita hatua kwa hatua: upande wa kuingia wa swichi ya ukutani karibu na boksi, kisha upande wa kutoka. Volti nane zilikuwa zinabaki ndani ya swichi. Volti nane kwa ampea kumi ni wati themanini za joto kwenye skrubu moja. Umeme ulipozimwa na kifuniko kufunguliwa, plastiki kuzunguka skrubu ya nyutro ilikuwa nyeusi na waya umekuwa mgumu kama msumari.

Ongeza na volti nane hivi zinazokwisha kwenye kebo ya kisimani, mota ilikuwa inafanya kazi kwa 195. Kazi ya kuinua maji haipungui kwa sababu volti zimepungua, kwa hiyo mota inavuta ampea nyingi zaidi kuifikia, na ampea hizo zinazidi kupoteza volti kwenye waya mwembamba na skrubu mbovu. Asubuhi, mita ikiwa na volti 230 na zaidi, hasara ileile ilikuwa inavumilika. Waya wa nje ukabadilishwa kuwa 6 mm², swichi ikawekwa mpya, na jioni ileile mita ikiwa pale pale kwenye 221, boksi likasoma 219 na klampu 8.5. Pampu haikuguswa.

Mfuatano huo wa kupima volti sehemu mbili kwa wakati mmoja ndio ningeutanguliza kila mara ampea zinapozidi kwa kiasi. Volti zikiwa nzuri kwenye boksi lakini ampea bado ziko juu, nenda kwenye kapasita, safari hii si iliyokufa bali iliyochoka. Kapasita hupungua nguvu kwa miaka, hasa boksi likiwa limepigiliwa kwenye ukuta unaopigwa na jua. Mota bado inaondoka, pengine kwa kusitasita, lakini koili ya kuanzia inasaidia kidogo na mzigo unaangukia koili kuu. Huna haja ya kuing'oa ili uijue. Pampu ikizunguka, pima ampea za waya wa kuanzia na volti kati ya ncha mbili za kapasita, kisha kwa umeme wetu wa 50 Hz:

```
µF = 3183 × A ÷ V
```

Ukisoma 4.2 A na 330 V, kapasita ina µF 40, ni nzima. Ukisoma 2.5 A na 300 V, imebaki na 26 au 27, na huyo ndiye anayekata pampu yako. Mita iwe imewekwa kwenye volti za juu, kwa sababu ncha za kapasita hupita volti za ukutani kwa mbali.

Kapasita ikiwa nzima na volti ziko sawa, sasa tatizo liko chini. Kuna jaribio moja la kufanya kabla ya kukata tamaa, nalo ni geti valvu ya juu. Ifunge taratibu hadi nusu huku ukitazama klampu. Kwa pampu hizi za impela, kuibana njia hupunguza maji yanayopita na kwa kawaida hupunguza ampea pia. Kama ampea zinashuka hadi za kibao na pampu haikati tena, ilikuwa inatoa maji mengi kuliko ilivyokusudiwa: pampu ya kisima kirefu imewekwa mahali maji yako karibu. Iache valvu ikiwa imebanwa. Lakini kama ampea ziko juu huku maji yanayofika juu ni haba hata valvu ikiwa wazi, fikiria bomba la kisimani lililotoboka au kiungio kilichoachia. Pampu inamwaga maji kule kule kisimani kwa urahisi mno. Ampea zinazopanda na kushuka bila mpangilio, pamoja na maji yenye mchanga ndani ya ndoo baada ya kutulia, ni impela zinazosugua.

## Ikikata huku ampea ziko sawa, au ziko chini

Kuna imani iliyokita mizizi kwamba bomba likiziba au maji yakiisha kisimani, pampu "inavuta moto mwingi". Kwa pampu ya impela ni kinyume. Maji yasipopita, hakuna kazi, na ampea zinashuka. Mota yetu ya 8.6 inaweza kusoma tano au sita huku bomba likitema hewa. Anayeshughulikia pampu za kizungusho cha skrubu ndani ya mpira, zile nyingi za sola, ndiye pekee anayepaswa kuogopa valvu iliyofungwa, maana kwake ampea hupanda kweli.

Kwa hiyo ukikuta ampea ziko chini na pampu imejizima, jiulize kwanza ni kitu gani kilichoizima. Kama boksi lako lina kifaa cha kielektroniki cha kuzuia kufanya kazi bila maji, hicho ndicho kilichokata, na kimefanya sahihi: kisima kimezidiwa, au kinataka pampu ishushwe au ipunguziwe kasi ya kutoa maji. Baadhi ya mota zina kinga ya joto ndani ya koili, na mota isiyopitiwa na maji hupata joto hata kwa ampea ndogo. Utaijua kwa sababu kitufe cha boksi hakijaruka, na pampu inawaka yenyewe baada ya kupoa.

Kama kitufe chenyewe ndicho kinachoruka huku klampu ikisoma 8.4, basi kitufe kinapata joto lisilotoka kwenye mota. Boksi la chuma juani saa nane mchana linatosha kumaliza sehemu kubwa ya uvumilivu wake. Skrubu iliyolegea kwenye mguu wa kitufe inaleta joto moja kwa moja mahali pabaya. Na kitufe kilichoruka mara nyingi kwa miezi huchoka, kikaanza kuachia mapema. Kaza, weka kivuli, badilisha kitufe kwa kingine cha ampea zilezile.

## Lini sasa uivute

Kabla ya kukodi watu, kipimo cha mwisho ni cha mega ya 500 V, yaani mita ya kupima kihami, nyaya za kisimani zikiwa zimechomolewa kutoka kwenye boksi, kati ya kila waya na ethi. Kwa pampu iliyoko majini, megaomu 2 na zaidi ni nzuri, kati ya nusu na mbili bado inatumika, chini ya nusu kihami kimeharibika, kwenye mota au kwenye kebo. Maltimita ya kawaida haifai kwa kazi hii. Betri yake haina nguvu ya kuonyesha ufa mdogo.

Basi vuta juu ikiwa mega imeshuka hivyo, au jozi ya omu imefunguka, au rota imegoma huku kapasita ni nzima na volti zinatosha, au ampea ziko juu na volti, kapasita na geti valvu vyote vimeshajibu. Ikifika juu, usikimbilie kutupa chochote. Kata kebo juu ya kiungio, upime tena mota peke yake bila kebo. Namba zikirudi kuwa nzuri, kilichokufa ni kiungio. Kisha fungua boliti zinazoshika mota na pampu, uzitenganishe, na ugeuze shafti ya kila moja kwa mkono. Shafti ya mota nzima huzunguka kwa uzito sawasawa bila kukwaruza. Ya pampu ikigoma huku ya mota ikizunguka, nunua upande wa pampu tu, maana mota ya inchi nne kwa kawaida hufungwa kwa kipimo kimoja cha kawaida na huuzwa kivyake.